Mteja wa kwanza kafurahi: jinsi ya kumwomba ushuhuda na akuunganishe na wengine, meseji kwa meseji

Naandika hii kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, kijana kamaliza kazi yake ya kwanza, labda logo ya duka Mwanjelwa au picha za harusi Iringa mjini au tovuti ya mtu wa miche ya parachichi Njombe, mteja kafurahi kweli, kalipa, alafu kijana ananiuliza "kaka sasa namwombaje aniandikie kitu na anitafutie wateja bila kuonekana naomba omba?" Nikijibu mmoja kesho anakuja mwingine, basi nimeona niandike yote hapa, anayeuliza nimtumie.

Mfano nitautoa kwenye kazi yangu mwenyewe ya kwanza. Ilikuwa loji ndogo ya mama mmoja Tukuyu, vyumba 12. Nilimpigia picha vyumba vyote, nikamweka kwenye Google Maps, nikamtengenezea na tovuti ya ukurasa mmoja yenye bei na namba ya simu. Tulikubaliana 350,000, nusu advansi nusu mwisho. Kazi ilienda fresh, meseji ya kuomba ushuhuda ndo ikabuma, na nitakuonyesha ilivyobuma maana humo ndo nilijifunza karibu kila kitu ninachokwambia.

Kabla hujaandika chochote, hakikisha una hivi

- Balansi imeshaingia. Ukiomba ushuhuda wakati bado anakudai marekebisho, au wewe bado unamdai hela, kila neno litasomeka vibaya.
- Sentensi moja ya furaha ambayo mteja ameitoa mwenyewe, bila kuombwa. Pekua chati yenu ya wasap uitafute, ukiipata ibonyeze uiwekee nyota isipotee. Yangu ilikuwa "mwanangu hii picha ya chumba namba 4 hata mimi nimetamani kulala".
- Kitu kimoja kilichobadilika kwake baada ya kazi yako. Kinachotakiwa hapa ni kitu anachokiona yeye kwenye shughuli zake, habari ya kwamba logo yako ni kali haiingii.
- Sampuli ya kazi inayoweza kufowadiwa, picha 2 au 3 tu, zisizokula bando la mtu.
- Wasifu wako wa wasap uwe na jina linaloeleweka na kazi unayofanya. Mtu akiunganishwa na wewe halafu akakuta picha ya simba na jina "Mtoto wa Mama", keshaghairi.

Hatua ya 1: Subiri kazi ianze kuzaa, ila usisubiri isahaulike

Wengi wanaomba siku ile ile ya kukabidhi. Siku hiyo mteja ana furaha ndiyo, lakini hana cha kusema zaidi ya "kazi nzuri, asante". Bado hajaitumia. Ushuhuda wa "kazi nzuri" haukusaidii, kila fundi anao.

Mimi nasubiri kati ya siku 10 na wiki 3, kutegemea na kazi. Logo na kadi za biashara wiki mbili zinatosha, ameshagawa kadi na watu wameshamwambia kitu. Tovuti au Google Maps ipe wiki tatu hivi, wageni waanze kuja. Picha za sherehe ndo tofauti, hizo omba ndani ya siku 3 au 4 za kukabidhi, wakati bado ndugu wanazipost kwenye stetasi, maana wiki ya tatu bibi harusi ana mambo yake mengine.

Utajuaje muda umefika? Mtafute kwa salamu ya kawaida tu, umuulize kazi inaendaje, usiombe kitu chochote. Mama wa Tukuyu nilimpigia wiki ya tatu, akaniambia siku hizi wageni wanafika na simu mkononi wanataka chumba kile walichokiona kwenye picha. Hapo ndo ilitakiwa nimwombe. Mimi nikakata simu nikaenda kukaa chini kuandika meseji "ya kitaalamu".

Hatua ya 2: Chunga maneno mawili, ushuhuda na koneksheni

Hii hapa ndo meseji niliyoandika, icheke ukimaliza tuendelee:

> Habari za wakati huu. Natumai u mzima wa afya. Kufuatia kukamilika kwa mradi wetu, ninaomba unipatie ushuhuda kuhusu huduma zangu pamoja na koneksheni ya wateja watano wanaoweza kuzihitaji. Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wako.

Tiki za bluu zikaja baada ya nusu saa. Kisha kimya. Siku 9 mama kauchuna, mimi nimeshajiambia kwamba alikuwa ananidanganya kazi ni nzuri. Siku ya 10 akanipigia, "Mwanangu, hicho kitu ulichoomba, nitakuja kanisani kwenu Jumapili ipi?"

Sisi tunaoishi huku nyanda za juu kusini tunajua, Mbeya kila mtaa una kanisa na mengine yana matarumbeta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ukimwambia mama wa makamo "naomba ushuhuda" anachosikia ni kusimama mbele ya waumini na kueleza Mungu alivyomtendea. Mama wa watu alikuwa anajiuliza siku 9 zote nimeokoka lini. Na lile la koneksheni ndo baya zaidi, maana binti yake anayekaa mapokezi aliisoma akaanza kucheka, na kama upo mtandaoni unajua siku hizi mtu akiomba koneksheni kwenye magrupu anaomba video za aina gani. Mama hakujua, binti alijua, mimi niliona aibu mwezi mzima.

Kwa hiyo kwenye makala hii nasema ushuhuda tuelewane mimi na wewe, lakini kwa mteja usilitumie. Mwambie "maneno mawili matatu kuhusu kazi tuliyofanya", au "uniambie ilivyokusaidia". Na badala ya koneksheni sema "kama kuna mtu unamfahamu", inatosha. Tena ukiandika kama barua ya halmashauri naye atahisi anatakiwa akujibu kama halmashauri, na hana muda huo, ana wageni.

Hatua ya 3: Tuma ombi la kwanza, la maneno tu

Kosa langu la pili lilikuwa kuomba vitu viwili kwa pamoja, tena kimoja kina watu watano ndani yake. Mtu akiona maombi mawili anaahirisha yote. Leo omba maneno tu, habari ya wateja weka kando kabisa.

Hii ndo niliyomtumia mara ya pili:

> Shikamoo mama, pole na majukumu. Juzi uliniambia wageni wanafika wanataka kile chumba walichokiona kwenye picha, nilifurahi sana. Nina ombi dogo mama. Watu wanaotaka kazi kama ile wananiuliza niliwahi kumfanyia nani. Naomba uniambie kwa voisi fupi tu, hata dakika moja:
> 1. Kabla ya kazi ile wageni walikuwa wanakusumbua nini?
> 2. Sasa hivi kimebadilika nini?
> 3. Mwenye loji mwenzio akikuuliza anitafute au asinitafute, utamwambiaje?
> Mimi nitaandika, nikurudishie usome kwanza kabla mtu mwingine hajaona. Hakuna haraka, hata wiki hii ikiisha ni sawa.

Nikupitishe humo kidogo. Salamu na ombi vipo kwenye meseji moja, usitume "shikamoo mama" peke yake ukasubiri marahaba ndo uendelee, mtu anaona hiyo salamu tupu anajua unataka hela anaiacha. Ila shikamoo yenyewe usiiruke kama mtu kakuzidi umri, hata kama mlikuwa mnataniana kazi nzima. Kwa rika lako "mambo vipi boss" inatosha, na kama mteja ni Mnyakyusa mwenzio mnaoongea kilugha basi "ndaga fijo" mwishoni inanoga, ila kama hukijui usijaribu kukibambia, inasikika ya kuigiza.

Sentensi ya pili ni maneno yake mwenyewe. Hiyo usiiache. Inamkumbusha kwamba alishasema, sasa anarudia tu, na kurudia ni rahisi kuliko kutunga.

Maswali ni matatu na yote yana mpangilio, kabla, baada, na ungemwambiaje mwenzio. Ukimwambia tu "niandikie maoni yako" atakuandikia "nashukuru kwa huduma nzuri Mungu akubariki", ambayo ni dua nzuri ila haiuzi. La tatu ndo lenye mali, kwa sababu pale anaacha kuongea na wewe anaongea na mwenye loji mwenzie, na lugha inabadilika kabisa.

Voisi niliomba kwa sababu mama haandiki meseji ndefu. Kama mteja wako ni mtu wa ofisini anayeshinda kwenye kompyuta, mwambie aandike mistari mitatu. Mwangalie alivyozoea kuwasiliana na wewe wakati wa kazi, mwombe kwa njia hiyo hiyo.

Na saa ya kutuma ina maana yake. Mwenye loji asubuhi anahangaika na wanaoondoka, jioni na wanaoingia, ana upenyo kuanzia saa nane mpaka saa kumi mchana. Muuza duka sokoni mtumie usiku akishafunga. Jumapili asubuhi mwache, na siku ya mnada au gulio kama ndo biashara yake mwache vile vile.

Hatua ya 4: Andika alichosema, usikipambe

Mama alinijibu jioni ile ile. Voisi ya dakika 1 na sekunde 40, nyuma unasikia mvua ya Tukuyu inagonga bati na mtu anauliza maji ya moto yako wapi. Nikaisikiliza mara tatu nikaandika neno kwa neno:

> "Eee mwanangu, sasa mimi niseme nini, haya. Zamani wageni walikuwa wananipigia wakishuka stendi, naanza kuwaelekeza, pita hapa, uliza pale, mpaka chakula changu kinapoa, na wengine wanaishia kwenye loji za watu huko njiani. Sasa hivi wanafika wenyewe na ile ramani, na wanajua chumba bei gani, hatubishani mlangoni. Mwenzangu akiniuliza nitamwambia amtafute, kijana anachelewa kidogo kupokea simu lakini kazi anamaliza."

Kazi yako hapa ni kupunguza, kuongeza hapana. Ondoa "eee mwanangu niseme nini", ondoa kurudia rudia, acha kila kitu chenye picha ndani yake. Ikabaki hivi:

> "Zamani wageni walikuwa wananipigia wakishuka stendi, naanza kuwaelekeza mpaka chakula changu kinapoa, na wengine wanaishia kwenye loji za watu njiani. Sasa hivi wanafika wenyewe na ramani, wanajua bei, hatubishani mlangoni. Kijana anachelewa kidogo kupokea simu lakini kazi anamaliza."

Unaona hicho kipande cha kuchelewa kupokea simu? Rafiki yangu aliniambia nikitoe. Nilikiacha, na wateja wawili waliokuja baadaye walikitaja kwenye simu ya kwanza kabisa huku wanacheka, "wewe ndo yule usiyepokea simu". Yaani ndo kilichowafanya waamini mengine yote, maana tangazo halijisemi vibaya. Kasoro ndogo isiyogusa kazi yenyewe iache. Ila angesema "alichelewesha kazi wiki mbili" hapo ningeenda kurekebisha mambo yangu kwanza, nisingeihariri.

Usigeuze lugha yake iwe yako. Mama hawezi kusema "huduma bora zenye weledi wa hali ya juu", na anayemfahamu akisoma hivyo atajua umeandika wewe.

Hatua ya 5: Mrudishie asome na uombe ruhusa kwa vipande

> Mama asante sana. Nimeandika hivi [bandika maneno]. Kuna cha kubadilisha? Na naomba kuuliza vitu vitatu: niweke jina lako? jina la loji? na picha ya mbele ya loji tuliyopiga? Ukikataa kimoja sio tatizo kabisa.

Ruhusa ulizia kimoja kimoja kwa sababu watu wengi wanakubali jina la biashara ila hawataki jina lao, au wanakubali yote kasoro picha. Jibu lake usilifute, liwekee nyota. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na jina, picha na namba ya mtu ni taarifa zake, kwa hiyo hii ni zaidi ya ustaarabu. Na ile tabia ya kupiga skrinshoti ya chati nzima ukairusha na namba ya mteja inaonekana juu, acha. Kama lazima utumie skrinshoti basi ziba namba na picha yake, na umwambie.

Kwenye stetasi ushuhuda unakaa saa 24 unapotea, kwa hiyo weka pia sehemu inayodumu, tovuti yako au picha ya kwanza kwenye katalogi ya WhatsApp Business.

Kama una akaunti ya biashara yako kwenye Google unaweza kumwomba aweke na kule nyota na maneno, unampa linki yake. Jua tu kwamba lazima awe na akaunti ya Google na ataandika mwenyewe kwa simu yake. Na usimwahidi vocha wala punguzo ili aandike, Google wanakataza kabisa maoni ya kulipia na wanaweza kuyafuta. Kwa mama wa Tukuyu wala sikujaribu, hakumbuki neno la siri la barua pepe yake toka simu ile ya zamani.

Hatua ya 6: Sasa omba akuunganishe, na mtu mmoja tu

Pumzika siku 2 au 3 baada ya ushuhuda kukamilika. Nikirudi kwenye ile meseji yangu ya aibu, niliomba wateja watano. Mtu akisikia watano anaanza kupekua simu nzima kichwani, anachoka, anasema "nikimpata nitakwambia", na ndo imeisha hiyo. Ukimwomba mmoja wa aina maalumu, sura inamjia yenyewe.

Kabla hujaandika jiulize mteja wako anakutana na nani. Mama wa loji anawajua wenye loji wengine, lakini hao ni washindani wake, atasita kuwapa kile kinachomletea wageni na ana haki. Mimi nilifikiria wageni wake wanaenda wapi wakishalala kwake, wanaenda ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, wanahitaji gari, wanahitaji sehemu ya kula. Hao hawashindani naye, wakipata wageni naye anapata. Fundi wa Mafinga aliyemtengenezea mwenye mbao akaunti ya Instagram asiulize wenye mbao wengine, aulize wenye fanicha wanaonunua mbao pale.

> Mama shikamoo. Ile kazi ya picha na ramani nataka nimfanyie mtu mmoja zaidi mwezi huu huko Tukuyu. Nilikuwa nafikiria mtu anayewapeleka wageni wako Ngosi au wanakokula mchana. Kuna mmoja anakujia kichwani? Kama yupo, usinipe namba yake kwanza, mfowadie hii hapa chini, akitaka atanitafuta mwenyewe.

Halafu meseji ya pili, peke yake, imekaa tayari ya kufowadi:

> Huyu ndo kijana aliyenifanyia picha na ramani ya loji. Sasa hivi wageni wanafika wenyewe bila kunipigia. Ukitaka na wewe akufanyie, bonyeza hapa.

Na chini yake linki yako ya wasap ambayo ukiibonyeza inafungua chati yenye maneno tayari:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nimetumwa%20na%20mama%20wa%20loji
```

Namba inaanza na 255, hakuna jumlisha, hakuna sifuri ya mwanzo, hakuna nafasi katikati. Zile %20 ni nafasi kati ya maneno. Ijaribu kwanza kwa simu ya mtu mwingine, wengi wanaacha sifuri ndani, linki inafunguka inasema namba haipo na mteja haji kukwambia. Uzuri wa yale maneno ni kwamba mtu akikutumia tu unajua katoka kwa nani.

Umeona ile ya kufowadi imeandikwa kwa sauti ya mama na sio yangu? Ni kwa sababu yeye ndo anaituma. Ila lazima iwe na vitu alivyokwisha kusema kwenye ushuhuda wake, usimtungie sifa mpya mdomoni.

Mama alimfowadia watu wawili. Wa magari alinitafuta siku ya pili, tukafanya kazi ya 200,000. Wa mgahawa aliisoma akanyamaza, mpaka leo yuko kimya na sikumfuata.

Hatua ya 7: Mpe mrejesho aliyekuunganisha

Hii wengi wanairuka. Mtu akikutafuta tu mwambie aliyekuunganisha siku hiyo hiyo, "mama yule wa gari kanitafuta, tumepanga Alhamisi, nashukuru". Na kazi ikiisha mwambie imeisha vipi. Jina lake ndo liko rehani pale, akikaa gizani atawaza umemharibia.

Ikikwama

*Kasoma kanyamaza.* Kumbusha mara moja baada ya siku 5 mpaka 7, punguza ombi liwe swali moja, "mama lile swali la pili tu linatosha". Akikaa kimya tena acha. Kuna watu wanapenda kazi yako na hawapendi kuongea, na mtu wa hivyo unaweza kumrudia akileta kazi nyingine.

*Anasema "andika wewe mimi nitakubali".* Usitunge. Rudi kwenye chati chukua sentensi aliyowahi kusema, ile yenye nyota, mtumie umuulize kama unaweza kutumia hiyo hiyo. Kama hakuwahi kusema kitu mpigie, muulize maswali yale matatu mkiwa mnapiga stori na uandike pembeni.

*Kwenye voisi ametoa lawama.* Mshukuru. Rekebisha kile kitu kwanza, bure kama ni kosa lako, ndo urudi wiki mbili mbele. Ukichukua nusu nzuri ukaacha nusu mbaya atakuja kuisikia mwenyewe.

*Kakupa namba ya mtu badala ya kufowadi.* Usimpigie huyo mtu ghafla. Mrudie mteja, "nimtumie meseji nikisema nimetoka kwako, au utamwambia kwanza?" Huku kwetu mtu akipigiwa na asiyemjua anawaza tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na simu inakatwa.

*Anataka asilimia.* Inatokea, hasa kwa wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe. Ukikubali, panga kiasi kabla, kilipwe mteja mpya akishalipa na sio kabla, na mteja mpya akiuliza usifiche. Mimi sipendi, kwa sababu mtu akianza kulipwa anakuletea yeyote yule, hata asiye na hela. Badala yake mama nilimpelekea picha ya loji yake iliyopigwa asubuhi baada ya mvua, imechapishwa na kuwekwa fremu. Kaitundika mapokezi, pale mgeni anaposimama kusubiri funguo, na chini kwenye kona kuna namba yangu kwa maandishi madogo.